Neno ‘au’ lililobatilisha uchaguzi: jinsi Mahakama ya Juu ilivyosoma kifungu cha 83

Mnamo Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti 8 mwaka huo. Majaji wanne, Jaji Mkuu David Maraga, Naibu wake Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Isaac Lenaola, walikubaliana. Wawili, Jackton Ojwang na Njoki Ndung’u, walipinga. Sababu kamili zilitolewa Septemba 20. Mabishano mengi tangu siku hiyo yamehusu seva, fomu na siasa za wagombea wawili wakuu. Lakini uamuzi wenyewe ulisimama juu ya sentensi moja ya Sheria ya Uchaguzi ya 2011, na katika sentensi hiyo juu ya neno moja: ‘au’.

Naamini mahakama ilifika mahali sahihi. Naamini pia kwamba sababu iliyoipa uzito, yaani maana ya kawaida ya ‘au’, haiwezi kuubeba uamuzi ule. Kilichoubeba ni Katiba. Kutofautisha mambo hayo mawili si kuchezea maneno, kwa sababu Bunge lilipotaka kuufuta uamuzi ule lilikimbilia neno, likalibadilisha. Anayedhani kila kitu kilitegemea neno atadhani pia kwamba kulibadilisha kunatosha.

Sentensi yenyewe

Kifungu cha 83, kama kilivyosomeka wakati huo, kilisema hivi kwa maana yake: uchaguzi hautatangazwa kuwa batili kwa sababu ya kutofuatwa kwa sheria yoyote iliyoandikwa inayohusu uchaguzi huo, ikiwa itaonekana kwamba uchaguzi uliendeshwa kwa kufuata misingi iliyowekwa na Katiba na sheria hiyo, au kwamba kutofuatwa huko kwa sheria hakukuathiri matokeo ya uchaguzi.

Hiki ni kifungu cha kinga. Hakisemi ni lini uchaguzi uvunjwe. Kinasema ni lini usivunjwe hata kama sheria imekiukwa. Kinataja mambo mawili yanayoweza kuuokoa. La kwanza ni kwamba misingi imefuatwa. La pili ni kwamba matokeo hayakuathiriwa. Kati ya hayo mawili limekaa ‘au’.

Katika kesi ya 2017 swali halikuwa la nadharia. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilikuwa imemtangaza Uhuru Kenyatta mshindi kwa kura 8,203,290 dhidi ya kura 6,762,224 za Raila Odinga. Pengo lilikuwa kura 1,441,066. Walalamishi, Raila na mgombea mwenza wake Kalonzo Musyoka, walijikita katika namna matokeo yalivyosafirishwa kutoka vituoni, yalivyojumlishwa na yalivyotangazwa. Upande wa pili ulijibu kwamba hata kama kulikuwa na kasoro za makaratasi na mitambo, hakuna aliyeonyesha kwamba zilitosha kulifuta pengo hilo. Kama mlalamishi lazima athibitishe kuvunjwa kwa misingi pamoja na kubadilika kwa matokeo, kesi ilikuwa ngumu sana kwake. Kama kuthibitisha moja kunatosha, mlango ulikuwa wazi.

Kanuni zilizotumika

Majaji wanne waliamua kwamba moja linatosha. Walisema pande mbili za kifungu zisomwe kila moja peke yake. Mlalamishi akithibitisha kwamba uchaguzi uliivunja kwa kiasi kikubwa misingi ya Katiba na sheria za uchaguzi, hilo pekee linaubatilisha, bila kujali hesabu ya mwisho. Na hata kama misingi ilifuatwa kwa kiasi kikubwa, akithibitisha kwamba kasoro au ukiukaji wa sheria uliathiri matokeo, hapo pia uchaguzi unavunjika.

Ukiisoma hukumu ile utaona kanuni nne za tafsiri zikifanya kazi pamoja. Ya kwanza ni maana ya kawaida ya maneno: ‘au’ hutenganisha, kwa hiyo pande zitenganishwe. Ya pili ni kuisoma sheria kwa mwanga wa Katiba. Ibara ya 259 inaagiza Katiba ifasiriwe kwa namna inayoendeleza makusudi, maadili na misingi yake, na kifungu cha 83 chenyewe kinaitaja Katiba kama kipimo. Ya tatu ni kuangalia mahakama za nje zilivyofasiri vifungu vinavyofanana na hiki, hasa kesi ya Uingereza ya Morgan dhidi ya Simpson iliyoamuliwa 1974. Ya nne ni mahakama kufuata hukumu zake za nyuma. Mwaka 2014, katika kesi ya ugavana wa Meru kati ya Gatirau Peter Munya na Dickson Mwenda Kithinji, Mahakama ya Juu ilikuwa imeshasema kwamba uchaguzi uliofuata misingi kwa kiasi kikubwa hauvunjwi kwa kasoro tu, lakini kasoro zikiwa kubwa kiasi cha kuathiri matokeo, uchaguzi hauwezi kusimama.

Kanuni ya pili, ya tatu na ya nne zina nguvu. Ya kwanza ndiyo yenye shida, na inafaa tuitazame kwa utulivu.

‘Au’ ndani ya sentensi ya kukanusha

Tuseme shule ina kanuni hii: mwanafunzi hatarudishwa nyumbani ikiwa amelipa karo au amepata ufadhili. Je, mwalimu mkuu anaweza kumrudisha nani? Aliyelipa karo harudishwi, hata kama hana ufadhili. Mwenye ufadhili harudishwi, hata kama hajalipa. Anayeweza kurudishwa ni yule tu aliyekosa yote mawili. Neno ‘au’ lipo palepale na linatenganisha kama kawaida, lakini kwa kuwa linatenganisha mambo yanayomwokoa mtoto, anayetaka kumwondoa lazima ayavuke yote.

Sasa badili kanuni iwe: hatarudishwa ikiwa amelipa karo na amevaa sare. Hapa mambo mawili lazima yawepo pamoja ili mtoto abaki. Likikosekana moja tu, anarudi nyumbani. Katika sentensi ya kinga, kwa hiyo, ‘na’ ndiyo inayomrahisishia kazi anayetaka kuvunja, na ‘au’ ndiyo inayomkazia.

Ukikisoma kifungu cha 83 kwa jicho hilo, maana ya herufi zake inatoka kinyume na uamuzi. Uchaguzi unaokolewa ikiwa misingi ilifuatwa, au ikiwa matokeo hayakuathiriwa. Kinga moja ikisimama, uchaguzi umesimama. Kwa herufi tupu, mlalamishi alipaswa kuziangusha zote mbili.

Kesi ya Morgan inalionyesha hili vizuri, kwa sababu kifungu cha Uingereza kilichohusika, kilichotoka katika sheria ya 1949, kilitumia ‘na’. Kilisema uchaguzi wa serikali za mitaa hautatangazwa kuwa batili kwa kosa la msimamizi ikiwa uliendeshwa kwa kufuata sheria kwa kiasi kikubwa na kosa hilo halikuathiri matokeo. Jaji Stephenson alikigeuza kifungu kutoka ukanushi kwenda uyakinishi, akapata kwamba uchaguzi unavunjwa ikiwa haukufuata sheria kwa kiasi kikubwa, au ikiwa makosa yaliathiri matokeo. Huo ni mgeuzo sahihi: ‘na’ ya kinga huwa ‘au’ ya kuvunja. Mahakama ya Kenya ilifika kwenye matokeo yaleyale ikianzia kwenye maandishi yenye ‘au’. Mgeuzo uleule, ukifanywa kwa kifungu cha Kenya, ungezaa ‘na’.

Jirani wa Kenya ana mfano wa upande wa pili. Sheria ya Uganda ya uchaguzi wa rais haikuandikwa kama kinga. Inasema moja kwa moja kwamba uchaguzi unabatilishwa ikiwa mahakama imeridhika kwamba haukuendeshwa kwa kufuata misingi ya sheria, na kwamba kutofuata huko kuliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Katika kesi ya Kizza Besigye dhidi ya Yoweri Museveni ya 2001, majaji wa Mahakama ya Juu ya Uganda walikubali kwamba sheria ilikiukwa, lakini watatu kati ya watano wakaona athari kubwa kwa matokeo haikuthibitishwa. Uchaguzi ukabaki. Mwaka 2006 ikawa hivyohivyo, safari hii wanne dhidi ya watatu.

Ukiweka kando maneno ‘kwa kiasi kikubwa’, kifungu cha Uganda na kile cha Kenya vinasema kitu kimoja kwa herufi, kimoja kikitaja yanayovunja na kingine yanayookoa. Nchi moja imesoma kwamba yote mawili yathibitishwe, nyingine kwamba moja linatosha. Tofauti hiyo haikutoka kwenye sarufi.

Kwa nini herufi tupu hazifai

Msomaji anaweza kusema: basi majaji wanne walikosea, na kifungu kingesomwa kama kilivyoandikwa. Sikubaliani, na sababu yangu ya kwanza inatoka kwenye kesi ileile ya Morgan.

Uchaguzi ule ulikuwa wa 1973, wa baraza la London Kuu, katika eneo la Croydon. Kura 23,691 zilipigwa. Karatasi 44 zilikataliwa kwa sababu wasimamizi wa vituo walisahau kuzigonga muhuri rasmi. Mshindi alitangazwa kwa kura 11 zaidi ya mpinzani wake. Lau zile 44 zingehesabiwa, aliyeshindwa angeshinda kwa kura 7. Hakuna aliyesema uchaguzi mzima uliharibika. Kwa jumla sheria ilifuatwa. Lakini kosa dogo la karani liligeuza mshindi, na mahakama ya rufaa ikaubatilisha.

Ulete mfano huo Kenya, katika wadi yoyote, na ukisome kifungu cha 83 kwa herufi tupu. Misingi ilifuatwa, kwa hiyo kinga ya kwanza imesimama. Kwa kuwa kinga moja inatosha, uchaguzi hauwezi kuguswa, hata kama kila mtu anaona kwamba aliyeketi si aliyechaguliwa. Mtu anaweza kujitetea kwamba usahihi wa hesabu nao ni miongoni mwa misingi, na hivyo kinga ya kwanza isingesimama. Lakini akienda njia hiyo amekwisha kubali kwamba jibu linapatikana kwenye misingi na si kwenye ‘au’. Kanuni ya zamani ya tafsiri inasema kwamba maana ya herufi ikizaa jambo lisiloingia akilini, mahakama iiache na itafute maana inayolingana na shabaha ya sheria. Sijui shabaha gani ya Sheria ya Uchaguzi ingetimizwa kwa kumwacha aliyeshindwa madarakani.

Sababu ya pili iko upande wa kinga nyingine. Kwa herufi tupu, uchaguzi ulioivunja misingi yote ungeokolewa pale ambapo haionekani kwamba matokeo yaliathiriwa. Katiba ya 2010 haiwezi kuvumilia hilo. Ibara ya 81 inataka uchaguzi ulio huru na wa haki, unaoendeshwa kwa uwazi na kwa namna isiyopendelea, yenye ufanisi, sahihi na inayowajibika. Ibara ya 86 inataka mfumo wowote wa kupiga kura uwe rahisi, sahihi, unaoweza kuthibitishwa, salama, wenye uwajibikaji na wa uwazi. Ibara ya 2 inasema sheria yoyote isiyolingana na Katiba ni batili kwa kiasi cha kutolingana kwake. Sheria ya Bunge inayosema kwamba misingi hii inaweza kupuuzwa yote mradi hesabu haijaonyeshwa kubadilika, ingekuwa imeishusha Katiba chini ya Sheria ya Uchaguzi. Mahakama ikiwa na njia mbili za kukisoma kifungu, moja ikikiweka sawa na Katiba na nyingine ikikigonganisha nayo, wajibu wake ni kuchukua ya kwanza.

Hizi ndizo sababu ningependa zisimame mbele kabisa ya hukumu. Zimo, lakini zimesimama nyuma ya ‘au’. Majaji wenyewe walimkumbusha kila mmoja wetu darasa la hesabu, wakieleza kwamba jibu pekee halitoshi, kwamba hatua za kulifikia nazo huangaliwa. Kipimo hicho walichoiwekea Tume ni kizuri, na kinaihusu mahakama pia. Hukumu inayobadili hatima ya nchi inapaswa kuandika wazi kwamba maandishi ya kifungu yanavuta huku, Katiba inavuta kule, nasi tumeifuata Katiba kwa sababu hizi.

Tafsiri tatu zilizokataliwa

Kuielewa tafsiri iliyoshinda kunahitaji kujua zilizoshindwa. Zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni ile ya kutaka yote mawili yathibitishwe, niliyoieleza. Ya pili ni ya karibu nayo lakini si ileile: kwamba kipimo cha mwisho ni namba. Kwa mtazamo huu kasoro hupimwa kwa kuuliza kura ngapi zimeathiriwa, kisha idadi hiyo inalinganishwa na pengo. Majaji wa wingi walikataa. Walisema uchaguzi ni mchakato, si tukio la siku moja, na namba hazina thamani kama njia iliyozizaa haiwezi kukaguliwa. Majaji Ojwang na Ndung’u walisimama upande mwingine. Kwao ushahidi uliotolewa haukutosha kuutupa uamuzi wa wapiga kura. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wapiga kura zaidi ya milioni 15 walipanga foleni, na kuwarudisha tena vituoni bila kuonyeshwa kwamba chaguo lao liligeuzwa ni jambo zito.

Ya tatu iko upande wa pili kabisa: kwamba ukiukaji wowote wa misingi unavunja uchaguzi. Hii nayo ilikataliwa, na hapa mahakama iliongeza kitu ambacho hakimo katika kifungu cha 83 upande wa misingi. Kifungu kinasema uchaguzi uwe umeendeshwa kwa kufuata misingi, basi. Mahakama ilisoma ‘kwa kiasi kikubwa’, maneno yaliyomo katika sheria ya Uingereza. Bila nyongeza hiyo hakuna uchaguzi duniani ungesimama, kwa kuwa kila uchaguzi una fomu isiyotiwa saini mahali fulani na karani aliyechoka saa tisa usiku. Lord Denning katika kesi ya Morgan alikuwa amechora mpaka huo kwa mifano. Hackney, 1874, vituo viwili kati ya 19 vilifungwa siku nzima na wapiga kura 5,000 wakakosa nafasi. Huo haukuwa uchaguzi, wala hakukuwa na haja ya kuuliza nani angeshinda. Islington, 1901, karatasi 14 zilitolewa baada ya saa mbili usiku, muda ukiwa umekwisha. Sheria ilivunjwa, lakini uchaguzi ukabaki kwa kuwa 14 hazikubadili kitu.

Kwa nini upande wa kwanza upimwe peke yake

Je, 2017 ilikuwa Hackney au Islington? Jibu limo katika namna kura za rais zinavyosafiri. Katika kila kituo msimamizi anajaza fomu 34A mbele ya mawakala. Fomu za jimbo zima zinajumlishwa katika 34B. Zote zinaingia katika 34C, ambayo mwenyekiti wa Tume anaitumia kumtangaza mshindi. Mwaka huo kulikuwa na vituo 40,883. Sheria ilitaka matokeo ya kila kituo yatumwe kwa njia ya kielektroniki pamoja na picha ya fomu 34A, ili mtu yeyote aweze kulinganisha alichokiona ukutani kituoni na kilichofika Nairobi.

Mahakama ilikuta kwamba mwenyekiti alitangaza matokeo kabla fomu zote za 34A hazijamfikia. Ilipoagiza seva zifunguliwe zikaguliwe, agizo halikutekelezwa ipasavyo, na majaji wakaamua kulichukulia hilo dhidi ya Tume. Msajili wa mahakama alipozikagua fomu, baadhi zilikosa alama za usalama. Fomu 34C yenyewe, karatasi iliyomtaja rais, haikuwa na alama ya usalama wala nambari ya mfululizo.

Hapa ndipo upande wa kwanza unapopata uzito wake. Ibara ya 140 inampa mlalamishi siku saba tangu kutangazwa kwa matokeo kufungua kesi, na mahakama siku 14 kuisikiliza na kuiamua. Kuthibitisha kwamba matokeo yaliathiriwa kunahitaji fomu za vituo 40,883 na kumbukumbu za seva. Vyote viko mikononi mwa Tume. Kama upande wa matokeo ndio mlango pekee, basi kadiri Tume inavyoficha zaidi ndivyo inavyokuwa salama zaidi: anayezuia ukaguzi anakuwa amezuia pia ushahidi kwamba ukaguzi ungeonyesha kitu. Sheria haiwezi kusomwa kwa namna inayomlipa anayefunga mlango.

Hili ndilo jibu langu kwa majaji wawili waliopinga. Ni kweli kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa pengo la kura 1,441,066 lilikuwa la uongo. Lakini Ibara ya 86 haimtaki mwananchi athibitishe uongo. Inaitaka Tume iendeshe uchaguzi unaoweza kuthibitishwa. Uthibitisho ukizuiwa, swali la upande wa pili haliwezi kujibiwa na mtu yeyote, na kulitumia swali lisilojibika kama kinga ni kuukana upande wa kwanza.

Bunge na neno ‘na’

Katika wiki zilizofuata hukumu ya 2017 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uchaguzi. Kifungu cha 83 kiliandikwa upya: mahakama isitangaze uchaguzi kuwa batili ikiwa itaonekana kwamba misingi ilifuatwa, na kwamba kutofuatwa kwa sheria hakukuathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. ‘Au’ ikawa ‘na’. Waliounga mkono na waliopinga waliyaelewa marekebisho hayo kwa namna moja: kwamba kuanzia sasa mlalamishi lazima athibitishe yote mawili.

Mrudie yule mwalimu mkuu na kanuni yake ya pili. Ikiwa kinga inahitaji karo na sare kwa pamoja, kukosa moja kunatosha. Kwa herufi zake, kifungu kipya kilimpa mlalamishi kilekile ambacho Mahakama ya Juu ilikuwa imempa: vunja upande mmoja, uchaguzi umeanguka. Kilichomkazia kwa kweli ni yale maneno ‘kwa kiasi kikubwa’ yaliyoongezwa upande wa matokeo. Aprili 2018, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba sehemu ya marekebisho yale, kikiwemo kifungu cha 83, ilikwenda kinyume cha Katiba.

Bunge lilibishana kuhusu kiunganishi huku likikisoma kinyume cha mahali kilipokaa. Lawama ya hilo siiweki kwa wabunge peke yao. Hukumu iliwaambia kwamba ‘au’ ndiyo iliyofanya kazi, nao wakaamini.

Kinachopaswa kuandikwa

Septemba 5, 2022 Mahakama ya Juu, safari hii majaji wote saba wakiwa na kauli moja, iliukubali ushindi wa William Ruto. Miongoni mwa maswali iliyojiwekea ni kama kasoro zilizodaiwa zilikuwa kubwa kiasi cha kuathiri matokeo ya mwisho. Fomu 34A zilikuwa zimewekwa wazi mtandaoni kwa umma tangu siku za kwanza, na yeyote aliyetaka kujumlisha alijumlisha. Uchaguzi ulipoweza kuthibitishwa, madai yalipimwa, na hayakusimama. Kipimo cha 2017 hakikuzaa ubatilishaji wa kila uchaguzi, kama ilivyohofiwa.

Ndiyo sababu nataka kifungu hiki kiandikwe upya, kikianza kwa uyakinishi na yale yanayovunja uchaguzi: mahakama itabatilisha uchaguzi ikiwa misingi ya Katiba ilivunjwa kwa kiasi kikubwa, itaubatilisha pia ikiwa kasoro ziliathiri matokeo, haitaubatilisha kwa sababu nyingine yoyote ya kutofuatwa kwa sheria. Sentensi tatu fupi, kila moja ikijitegemea. Mpiga kura wa Turkana au Kwale akizisoma ataelewa bila wakili, na jaji atakayekuja baadaye hatalazimika kuchagua kati ya sarufi na Katiba.

Hadi hapo, mahakama ikiletewa tena kifungu cha 83, iseme kwa sauti kile ambacho 2017 kilibaki nusu kimesemwa: uchaguzi usioweza kuthibitishwa hauvunjwi na neno lolote la Sheria ya Uchaguzi. Unavunjwa na Ibara za 81 na 86, na Bunge haliwezi kuziondoa kwa kubadili kiunganishi.